Majibu kwa Wahakiki wa Makala "Lugha ya Vitabu Kisauni, 1875–1930"

Msomaji wa jarida huona makala yakiwa yamekwisha kuchapwa, wala haoni barua zilizopita baina ya mwandishi, mhariri na wahakiki kabla ya makala hayo kufika mtamboni. Mhariri wetu ameona ingefaa, kwa mara hii, majibu yangu kwa wahakiki wawili yatolewe pamoja na makala yenyewe, kwa kuwa baadhi ya mambo waliyoyahoji yanahusu historia ya Kiswahili cha Mombasa kwa jumla, na si mswada wangu peke yake. Nimekubali kwa kusitasita kidogo, maana humo mna makosa yangu ambayo ningependa yabaki baina yetu watatu.

Kwanza nieleze mswada ulivyokuwa ulipopelekwa. Uliitwa "Lugha ya Vitabu katika Bara la Mombasa". Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa Frere Town, kile kituo cha watumwa waliokombolewa ambacho misheni ya CMS ilikianzisha Kisauni mwaka 1875, walisomeshwa kwa vitabu vilivyoielekea lahaja ya Kimvita. Na kwamba baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu hivyo vilianza kuondoka mikononi mwao. Wahakiki wote wawili waliikubali hoja kuu. Walichokitilia shaka ni njia niliyoipita kuifikia, na hapo walikuwa na haki kuliko nilivyodhani nilipoisoma barua yao mara ya kwanza.

Neno moja juu ya utaratibu. Majibu yangu ya kwanza yalirudishwa na Mhariri bila ya kupelekwa kwa wahakiki. Chini ya hoja kumi na moja nilikuwa nimeandika "Nimelizingatia", basi. Mhariri akauliza kwa penseli pembeni: limezingatiwa vipi, na wapi? Kwa hiyo hapa kila hoja ya mhakiki naieleza upya kwa ukamilifu, ili asiyekuwa na barua yake aielewe. Kisha nasema nilichokibadili na sehemu ya makala kilipo. Au nasema sikubadili, na sababu yake. Nimetaja sehemu na aya badala ya kurasa, kwa sababu kila nilipoongeza aya moja kurasa zote za mbele zilisogea.

Mhakiki wa Kwanza

1. Mhakiki asema kwamba kichwa cha makala chadai zaidi ya ushahidi. Bara la Mombasa ni Kisauni, Likoni na Changamwe, ilhali mifano yote imetoka Kisauni, na karibu yote katika kituo kimoja cha misheni.

Ni kweli, na nimebadili. Kichwa sasa chataja Kisauni tu, na katika aya ya pili ya utangulizi nimesema wazi kwamba Likoni na Changamwe zimo nje ya uchunguzi huu. Sentensi tatu zilizosema "watu wa bara" sasa zasema "watu wa Frere Town", maana hata Kisauni yenyewe ilikuwa na wenyeji Waislamu wenye vyuo vyao, ambao hawakuvihitaji vitabu vya misheni kujifunza kusoma.

Hata hivyo kuna pendekezo moja ndani ya hoja hii ambalo sikulifuata. Mhakiki ashauri kwamba, nikitaka kuibakisha Changamwe, nitumie habari za Wachangamwe, ambao pamoja na Wakilindini na Watangana ndio Thelatha Taifa ya Mombasa. Namshukuru kwa kunifungulia mlango, lakini naogopa kupita. Wachangamwe ni taifa la Waswahili wa Mombasa, na jina lao ni la zamani sana. Mtaa wa Changamwe tunaoujua leo umekua kwa reli, bandari na viwanda, na wengi wa wakazi wake walitoka bara ya mbali wakaja kutafuta kazi. Mtu akichukua msamiati wa taifa hilo akauita lugha ya mtaa huo, atakuwa ameunganisha vitu viwili kwa sababu tu jina lao ni moja. Kosa la namna hiyo ndilo Mhakiki mwenyewe alilonikataza katika hoja ya pili.

2. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na naomba radhi kwa urefu wa jibu. Katika mswada nilitumia kipimo kimoja kutambua ukurasa ulioandikwa kwa Kimvita: nilitazama kama mwandishi ameandika *mato* mahali pa *macho*, *nti* mahali pa *nchi*, *kitwa* mahali pa *kichwa*, na *ndia* mahali pa *njia*. Kila ukurasa wenye maneno hayo niliuhesabu kuwa wa Kimvita. Mhakiki asema kipimo hicho hakitoshi, na atoa sababu mbili. Kwanza, maumbo hayo si ya Mombasa peke yake, kwani mtu wa Lamu naye husema *mato* na *ndia*. Pili, maumbo hayo ni ya lugha ya ushairi, na mshairi wa Unguja au wa Tanga huyatumia katika utenzi ilhali nyumbani kwake husema *macho* na *njia*.

Nilipoisoma hoja hii nilifunga barua nikaenda kutembea. Sababu ya kwanza ningeweza kuijibu kwa urahisi, kwa kusema kwamba hakuna dalili kuwa vitabu vya Frere Town vililetwa kutoka Lamu. Sababu ya pili haikuwa na jibu. Sehemu kubwa ya kurasa nilizozihesabu zilikuwa nyimbo za ibada, na nyimbo ni mashairi. Mfasiri anayetafuta mizani na vina huchukua neno linalomfaa. *Ndia* ikitokea katika wimbo haituambii mtu huyo alisemaje alipokuwa akimwita mwanawe, wala haituambii mwalimu alitaka mwanafunzi aandikeje.

Kwa hiyo nimefanya mabadiliko yafuatayo. Nimeziondoa nyimbo zote katika hesabu, na pia mafungu ya Zaburi yaliyofasiriwa kwa mizani. Nimebakisha nathari: masomo ya shule, maelezo ya kamusi na mahubiri yaliyochapwa. Katika nathari hiyo sikuhesabu neno mojamoja, bali nilitazama kama maumbo yale manne yaenda pamoja katika kitabu kizima. Mwandishi aliyeandika *nti* na *kitwa* na *ndia* kila yalipotokea huyo amechagua lahaja. Aliyeandika *ndia* mara moja na *njia* mara kumi huenda ameteleza, au amenukuu. Aidha, sisemi tena kwamba maumbo hayo "yathibitisha Kimvita". Nasema yaonyesha lahaja za kaskazini, na kwamba Kimvita ndicho kilichokuwa karibu. Yote hayo yamo katika sehemu ya tatu, iliyoandikwa upya kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ushahidi umepungua sana, lakini hoja imesimama, tena mahali palipo imara zaidi. Mswada wa kwanza ulisema kwamba vitabu vya Kisauni vyote vilikuwa vya Kimvita. Makala ya sasa yasema kwamba nathari ya Kisauni iliielekea Kimvita, haikukifuata kila mahali, na kwamba kuchanganya huko kulikuwako hata kabla ya mwaka 1928. Kwa watu waliotoka kwa Wayao, Wamakua na mataifa mengine ya kusini, pamoja na wale waliopitia India kabla ya kuletwa Mombasa, pengine mchanganyiko huo haukuwa kitu cha ajabu.

3. Mhakiki asema kwamba nimechanganya miaka. Katika ukurasa wa nne nimesema mkutano wa Mombasa "uliunda Kamati mwaka 1930", na katika ukurasa wa tisa nimesema kamusi ya Binns "ilichelewa, kwani uamuzi ulikuwa umekwisha kupitishwa".

Yote mawili ni makosa, na nimesahihisha. Mambo ni matatu, na yalitokea kwa nyakati tatu. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, uliozungumzia haja ya kuwa na Kiswahili kimoja cha shule. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano wa Mombasa, na hapo ndipo Kiunguja kilipochaguliwa. Kamati yenyewe, yaani ile kamati ya lugha ya nchi nne za Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Basi kamusi ya Krapf iliyopangwa upya na Binns, aliyefanya kazi miaka mingi Frere Town, ilitoka mwaka 1925, miaka mitatu kabla ya uamuzi. Haikuchelewa hata kidogo. Ilichapwa wakati mlango ulikuwa bado wazi.

Sahihisho hili limebadili zaidi ya tarehe. Nilikuwa nimemchora Binns kama mtu aliyeshikilia jambo lililokwisha kupita. Aya hiyo nimeifuta. Mahali pake nasema kwamba, katikati ya miaka ya 1920, mtu wa misheni ya Mombasa aliweza kuamini kwa haki kabisa kwamba kazi iliyoanzwa na Krapf ingekuwa msingi wa kamusi za baadaye.

4. Mhakiki ashauri niseme kwamba Kiunguja kilichaguliwa kwa sababu ni rahisi kuliko Kimvita, kwani Kimvita kina sauti za *t* mbili, ya meno na ya ufizi, na kinatofautisha sauti zenye mpumuo na zisizo nao, kama katika *paa* la nyumba na *paa* wa porini.

Kwa heshima, hili sikulifanya. Maelezo ya Mhakiki kuhusu sauti ni sahihi, na nimeyaongeza katika tanbihi ya sehemu ya kwanza. Lakini urahisi wa lugha hauna maana mpaka tujue ni rahisi kwa nani. Mtoto aliyezaliwa Kisauni katika nyumba ya Kimvita hapati taabu ya *t* mbili. Amezipata pamoja na maziwa. Mgeni huona taabu, lakini mgeni huyohuyo angeweza kujifunza Kimvita bila ya kuzitofautisha, kama wageni wengi walivyojifunza Kiunguja bila ya kutofautisha mengi.

Tunachoweza kukionyesha ni kuenea. Misafara iliyoanzia pwani iliyoielekea Unguja ilikuwa imekipeleka Kiunguja mpaka Tabora na Ujiji. Steere wa misheni ya UMCA alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na vitabu vya misheni hiyo vikaenea upande wa kusini. Serikali ya Wadachi Tanganyika ilitumia Kiswahili katika utawala na shule zake, na Waingereza waliporithi nchi hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuta mashina hayo yamekwisha kuota. Kimvita nacho kilikuwa na watetezi wenye elimu, lakini watetezi hao walikuwa na eneo dogo. Katika mizani ya wakuu wa elimu wa mwaka 1928 nadhani jambo hili lilikuwa na uzito kuliko sauti za *t*. Nimekubali kwa Mhakiki kiasi hiki: nimeongeza sentensi moja isemayo kwamba lahaja ambayo haikuhitaji herufi wala alama za ziada iliwapendeza wachapaji.

Hoja za 5 hadi 9 za Mhakiki huyu ni za tahajia, majina yaliyorukwa na mpangilio wa tanbihi. Zote nimezifuata bila ya ubishi, nikimshukuru kwa subira yake.

Mhakiki wa Pili

1. Mhakiki auliza kama mwandishi ni mtu wa Kisauni, kwani "sauti ya mlalamikaji yasikika". Aonyesha mahali pawili: neno *uonevu* katika utangulizi, na maneno *lugha ya kwetu* katika sehemu ya nne.

Naam, nimezaliwa Kisauni, si mbali na ile kengele ya Frere Town ambayo mahali hapo pameitwa Kengeleni kwa ajili yake. Nimelisema hilo katika tanbihi ya kwanza ya makala, maana msomaji ana haki ya kujua. Neno *uonevu* nimelifuta. Lilikuwa neno la hukumu lililotangulia ushahidi, na ushahidi ulipofika haukulihitaji. *Lugha ya kwetu* imekuwa *lahaja ya Mombasa*.

Katika aya hiyohiyo nilikuwa nimeandika kwamba hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika mkutano wa 1928. Mhakiki ataka nionyeshe orodha ya waliohudhuria. Sentensi hiyo nimeiondoa, na mahali pake nimetia jambo jembamba zaidi ambalo halina shaka: kwamba Kamati iliyofuata, katika miaka yake ya mwanzo, haikuwa na wajumbe Waafrika, ingawa ndiyo iliyosoma miswada ya vitabu vya shule na kuipa idhini au kuinyima. Kwa hoja yangu jambo hili latosha. Aliyeandika kitabu Kisauni baada ya mwaka 1930 alihakikiwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekipata Kiswahili kwa mama yake, na hakuwa na nafasi ya kuwajibu kama mimi ninavyojibu hapa.

2. Mhakiki aomba maneno yote niliyoyanukuu katika vitabu vya zamani yaandikwe kwa tahajia ya leo, ili msomaji asikwazike.

Hili nimelikataa katika matini, na nimelikubali kwa njia nyingine. Katika makala haya tahajia ndiyo ushahidi wenyewe. Tutazame jina la lugha tu. Krapf alipochapa sarufi yake mwaka 1850 jina lililokuwa juu ya kitabu lilikuwa *Kisuaheli*. Kamusi yake ilipotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, jina lilikuwa *Suahili*. Binns alipoipanga upya mwaka 1925, likawa *Swahili*. Nikiyaandika yote matatu "Kiswahili", msomaji ataona kitu kimoja kilichokaa vilevile kwa miaka sabini na mitano, ilhali aliyekuwa akijifunza kusoma Frere Town alikuta kila kitabu kina desturi yake. Kadhalika nikiigeuza *nti* kuwa *nchi* nitakuwa nimeifuta lahaja ninayoitafuta. Jambo kama hili lilitendeka kwa wino mwekundu katika miswada mingi, na sitaki kulirudia.

Lakini usumbufu wa msomaji ni wa kweli. Nimetia jedwali mwisho wa makala: upande mmoja neno kama lilivyochapwa, upande wa pili tahajia ya leo. Mhakiki asiporidhika na hilo, namwachia Mhariri.

3. Hapa wahakiki wangu wapingana. Mswada ulikuwa na kurasa nne kuhusu mabishano ya Roehl na Broomfield. Mhakiki wa Kwanza, katika maneno yake ya mwisho, ataka kurasa hizo ziondolewe kwa kuwa hazihusu Kisauni. Mhakiki wa Pili ataka ziongezwe, kwa kuwa "ndizo zenye uhai kuliko zote".

Kwa ambao hawajayasoma mabishano hayo: Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akifasiri Biblia, alishika kwamba Kiswahili kimejazwa maneno ya Kiarabu kupita kiasi na kwamba yafaa kirudishwe katika asili yake ya Kibantu. Makala yake kuhusu hali ya lugha Afrika ya Mashariki yalitoka mwaka 1930 katika jarida liitwalo *Africa*. Broomfield wa UMCA alimjibu mwaka 1931 katika jarida hilohilo. Alishikilia kwamba lugha ni ile isemwayo na wenyewe, na kwamba neno la asili ya Kiarabu lililokwisha kuota mizizi vinywani mwa watu ni neno la Kiswahili kama mengine.

Siwezi kuwatii wote wawili, wala sikutaka kuchukua katikati kwa ajili ya kuchukua katikati. Nimejiuliza kurasa hizo zafanya kazi gani katika hoja. Roehl na Broomfield waligombania msamiati. Kisauni swali lilikuwa la lahaja. Mtu anaweza kuwa upande wa Broomfield katika maneno ya Kiarabu na bado akapendelea Kimvita au Kiunguja. Kwa sababu hiyo Mhakiki wa Kwanza ana haki, na kurasa nne zimekuwa aya moja. Aya hiyo nimeibakisha kwa ajili ya tarehe zake. Yaonyesha kwamba swali la Kiswahili kipi kiandikwe halikufungwa mwaka 1928. Miaka miwili na mitatu baadaye wataalamu walikuwa bado wakilibishania hadharani. Mhakiki wa Pili, ambaye naona anayapenda mabishano hayo kama niyapendavyo mimi, atakuta kurasa nilizozitoa zimehifadhiwa kwa ajili ya makala mengine.

4. Mhakiki asema masimulizi ya wazee yaondolewe yote. Sababu yake ni kwamba hakuna mzee aliye hai leo aliyekwenda shule kabla ya mwaka 1928, kwa hiyo wanachokisimulia ni habari za kuambiwa.

Nimeligawa jibu. Mahali ambapo nilitumia masimulizi kueleza kitabu gani kilisomwa mwaka gani, nimeyaondoa. Mhakiki asema kweli, na kumbukumbu ya mjukuu si ushahidi wa tarehe. Hapo sasa nimetegemea vitabu vyenyewe, pamoja na nyaraka za CMS nilizozisoma Birmingham nilipokuwa nikisomea shahada yangu ng'ambo.

Mahali pamoja nimeyaacha, na naomba yaachwe. Wazee wa Frere Town walinieleza jinsi babu zao walivyowakosoa watoto wao waliporudi shuleni wakisema *njia*. Hapo sitafuti tarehe. Natafuta kujua kama tofauti ya lahaja ilisikika nyumbani ikawa na maana, au kama ni sisi wasomi tulioizua baadaye tukiwa na vitabu viwili mezani. Nyaraka za misheni haziwezi kujibu swali hilo, kwa sababu ziliandikwa na watu waliokuwa nje ya nyumba hizo. Habari iliyopokewa kwa vizazi viwili yaweza kukosea mwaka, lakini familia haikumbuki kwa vizazi viwili ugomvi wa neno moja isipokuwa neno hilo liliwagusa. Nimeongeza sentensi inayomtahadharisha msomaji kwamba haya ni mapokezi, nami nimeyataja hivyo kila yanapotokea. Majina ya wazee sikuyataja, kwa kuwa hawakuombwa ruhusa ya kuchapwa majina yao.

5. Mhakiki ataka sura nzima iongezwe juu ya Taylor na Mwalimu Sikujua, kwa kuwa bila ya kazi yao ya kukusanya mashairi ya Muyaka, Kimvita kingekosa heshima yake.

Nakubaliana naye juu ya uzito wa kazi hiyo, nami sikuongeza sura. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alifariki mwaka 1890, na *Diwani ya Muyaka* iliyotokana na makusanyo yao haikuchapwa mpaka mwaka 1940, kwa juhudi ya Hichens, huko Johannesburg. Basi katika miaka ninayoichunguza mashairi hayo hayakuwa kitabu mkononi mwa mwanafunzi wa Kisauni. Yalikuwa miswada, tena ya ushairi, na ushairi nimekwisha kuutoa katika ushahidi wangu kwa amri ya mwenzake. Nikiuondoa mlangoni nikaurudisha dirishani, Mhakiki wa Kwanza atanikamata. Nimetia tanbihi moja inayotaja kazi hiyo na miaka yake.

Ndugu Mhariri, katika hoja zote hizi nimekataa nne: msamiati wa Wachangamwe, urahisi wa Kiunguja, tahajia ya leo ndani ya matini, na sura ya Taylor. Moja nimeikubali nusu, nayo ni ya masimulizi ya wazee. Ukiona katika hizo kuna mahali ambapo ushupavu wangu umezidi ushahidi, nirudishie mswada na penseli yako. Nakala yenye mabadiliko yaliyopigiwa mstari pembeni nimeiambatisha pamoja na ile safi.